Chumvi ya Samovari

Wewe unakula chumvi kiasi gani kwa siku?

Usiseme kidogo. Kila mtu husema kidogo. Tahmina naye alisema kidogo, akiwa amesimama mbele ya meza ya nesi katika zahanati ya Safakadal, mama mkwe wake ameketi pembeni na mkono umefungwa kifaa cha kupimia presha. Aliposema hivyo hakuwa akidanganya. Alikuwa amepika katika nyumba ile miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba chakula chake kina chumvi nyingi. Walichomwambia, mara mbili tatu, ni kwamba imepungua.

"Pakiti ya kilo moja inakaa siku ngapi kwenu?" nesi aliuliza.

Tahmina alimtazama mama mkwe wake, Mokhta. Mokhta naye akatazama dirisha.

"Hujui," alisema nesi. Jina lake Nighat, mwanamke mfupi asiyependa kurudia swali. "Basi leo ukifika nyumbani fungua pakiti mpya, uandike tarehe juu yake. Ikiisha, andika tarehe nyingine. Nyumbani mko wangapi?"

"Watano. Mama, mimi, mume wangu, na wasichana wawili."

"Watu watano, pakiti ya kilo isiishe kabla ya siku arobaini. Na hapo bado sijahesabu mkate wa kununua, maana nao una chumvi yake. Mtu mzima anatosheka na kijiko kimoja cha chai kwa siku, kimesawazishwa kwa kisu. Kimoja, kutoka kila mahali."

Alikuwa amempima Mokhta mara mbili, akimpumzisha dakika tano katikati, mgongo umeegemea na miguu iko chini. Mara zote mbili ilikuja juu: mia moja sabini na nane kwa mia moja na nne. Daktari akaandika dawa ya kumeza kila asubuhi, akasema arudi baada ya wiki sita. Ukutani nyuma yake palibandikwa karatasi kubwa ya rangi iliyosema PUNGUZA CHUMVI, na karatasi hiyo ilikuwapo tangu Tahmina anamleta binti yake wa kwanza kuchanjwa. Ni kazi rahisi kubandika karatasi. Haimuulizi mtu ni nani katika nyumba yake anayeshika kijiko.

Mokhta alikuwa na miaka sitini na mitatu, mjane, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Dada yake Fazi, aliyemzidi miaka miwili, alipooza upande wa kulia miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo yuko chumba cha chini kule Noushera, akinyweshwa kwa kikombe chenye mdomo kama cha mtoto. Mokhta alikwenda kumwona kila Alhamisi. Akirudi hakusimulia kitu. Alinawa, akaketi mahali pake karibu na samovari, akawa anatazama mkono wake wa kulia akikunja na kukunjua vidole. Tahmina alimwona akifanya hivyo, na hakuhitaji kuuliza. Mokhta akipooza, yeye Tahmina ndiye angekuwa mtu wa kushika kikombe kile.

Katika nyumba hiyo kazi ziligawanywa siku ile ile Tahmina alipoletwa bibi harusi. Wali na mboga ni vya mkwe. Chai ni ya Mokhta. Chai yao ni ile ya chumvi, ya rangi ya waridi, inayoanza kwa majani kuchemshwa na magadi hadi maji yawe mekundu kama kutu, kisha huongezwa maji baridi, maziwa na chumvi, na kuwekwa katika samovari, birika la shaba lenye makaa tumboni. Ilinywewa asubuhi na mkate wa mwoka mikate wa kona, ikanywewa tena saa kumi wakija majirani wawili wa Mokhta, na tena baada ya magharibi. Samovari yenyewe Mokhta aliirithi kwa mama yake. Mwanawe Mudasir, ambaye kazi yake ni kupaka bati ndani ya vyombo vya shaba, ndiye pekee aliyeruhusiwa kuifungua. Tahmina, kwa miaka kumi na moja, hakuwahi kutia hata maji.

Jioni ya siku ya zahanati alifungua pakiti mpya, akaandika tarehe kwa kalamu ya binti yake, akaanza na jambo ambalo kila mtu angelianza: akampikia mama mkwe sufuria yake.

Ilikuwa sufuria ndogo ya bluu. Ndani yake aliweka mboga ya majani ya haakh isiyo na chumvi, au viazi visivyo na chumvi, au maharage aliyoyachota kwenye sufuria kubwa kabla ya kuyaunga. Kazi ilikuwa mara mbili. Saa nne asubuhi alikuwa na majiko mawili yanawaka na gesi inakwisha. Alipotandika sakafuni kitambaa cha kulia chakula, watu wanne walichota chungu kimoja, na mbele ya Mokhta ikawekwa ile ya bluu.

"Hiki nini?" Mokhta aliuliza siku ya kwanza.

"Chako, mama. Hakina chumvi."

"Nina ukoma?"

"Mama, nesi alisema."

"Nesi alisema nisile chumvi. Hakusema nitengwe." Alikisukuma kisufuria kwa kidole kimoja. "Nyumba hii haijawahi kuwa na vyungu viwili. Hata baba mkwe wangu alipokuwa na kifua kikuu tulimtengea kikombe tu, chungu kilikuwa kimoja."

Alikula, hata hivyo, kwa sababu Mudasir alimtazama. Alikula vijiko vinne. Halafu Tahmina alipogeuka kuchukua maji, mkate wa Mokhta ukachovywa kwenye sufuria kubwa, ukarudi ukidondoka mchuzi. Msichana mdogo aliona, akacheka. Mokhta akaweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze.

Hivyo ndivyo zilivyokwenda wiki mbili. Sufuria ya bluu ilirudi jikoni nusu, na kubwa ilirudi tupu. Siku ya kumi na tano pakiti ya chumvi iliisha. Tahmina alikaa nayo mkononi, akagawanya kilo kwa siku na kwa vichwa pembezoni mwa daftari la binti yake. Gramu kumi na tatu kwa kila mmoja. Wasichana walikuwa na miaka saba na tisa. Ndipo alipoona kitu ambacho karatasi ya ukutani haikumwonyesha: aliyekuwa mgonjwa ni mmoja, lakini waliokuwa wakila chumvi kupita kiasi walikuwa watano, na yeye alikuwa akihangaika kumtoa mmoja ili wanne waendelee.

Aliiweka sufuria ya bluu juu ya kabati. Alifungua pakiti ya pili, akaandika tarehe.

Kuanzia hapo alipika chungu kimoja, na chungu hicho kilikuwa cha Mokhta. Kila asubuhi alichota vijiko viwili vya chai, vilivyosawazishwa kwa kisu, akavitia kwenye kikombe cha plastiki kilichokuwa cha mtindi. Hiyo ndiyo chumvi ya siku nzima, ya watu wote, ya milo yote. Ikiisha imeisha. Hakuitia mwanzoni mchuzi unapochemka kama alivyofundishwa kwao Pampore. Aliitia mwisho, moto umezimwa, kwa kuwa aligundua kwamba chumvi ya juujuu ulimi huiona kwanza, na kidogo hufanya kazi ya nyingi.

Mengine aliyapata kwa kukosea. Maharage mekundu bila chumvi yalikuwa kama udongo mpaka alipoyatia ukwaju. Mizizi ya yungiyungi ilinyamaza kwenye mafuta lakini ikasema kwenye mtindi, ukitia tangawizi kavu na shamari ya kusaga. Haakh ilitaka kitunguu saumu mara mbili ya zamani, mafuta ya haradali yaliyochomwa mpaka yatoe moshi, na pilipili kavu nzima. Magadi ambayo kila mwanamke wa mtaa huyatia ili majani yabaki kijani aliyaacha, akapika sufuria wazi bila kifuniko, na majani yakabaki kijani vilevile. Samaki wa moshi waliondoka. Achari iliondoka, ikashika nafasi yake figili mbichi ya kukwaruza yenye mtindi na jozi. Nyama ya Ijumaa ndiyo ilikuwa rahisi kuliko vyote, maana nyama ina ladha yake yenyewe. Wali haukumpa shida. Wali wao hautiwi chumvi tangu zamani.

Alipanga wiki nzima siku ya Jumapili, chakula kikali na chakula kichachu vikipokezana, ili ulimi usipate siku mbili za kulalamika mfululizo. Usifikiri haukulalamika.

"Tahmina," Mudasir alisema usiku wa tatu, akitafuna polepole, "umegombana na mwenye duka?"

"Kwa nini?"

"Naona hakuuzii chumvi."

"Kula, fundi."

"Nakula. Nauliza tu kama nitakula hivi mpaka kufa au mpaka mama apone."

"Mama haponi. Presha haiponi, inashikwa."

Mudasir alitazama wali wake. "Basi mpaka kufa," alisema, akaongeza mchuzi.

Katikati ya kitambaa Tahmina aliweka kichupa kimoja cha chumvi, kimejazwa kutoka kile kikombe cha siku na si penginepo. Mtu akitaka, aonje kwanza, kisha ajitilie kidogo kwenye sahani yake. Siku za kwanza Mudasir alikitingisha kabla hajakaa vizuri. Wiki ya tatu Tahmina aligundua kwamba kichupa hakijasogezwa tangu juzi. Ulimi husahau, husahau taratibu na kwa kinyongo, lakini husahau. Msichana mkubwa alikula harusini kwa jirani, akarudi akiomba maji kila nusu saa na kusema nyama yao ilikuwa chungu kwa chumvi.

Mokhta alikula. Alichota kwenye chungu kilekile walichochota wote, na mkate wake haukuwa na pa kwenda kuiba. Hakusifu kitu. Kwa Tahmina hilo lilitosha.

Katikati ya wiki ya nne alikuja Dilshada, binti wa Mokhta aliyeolewa Batamaloo, na mfuko wa matunda na maneno yake. Alionja haakh kwa ncha ya ulimi.

"Wifi, mama yangu anaumwa presha au amehukumiwa?"

"Sote tumehukumiwa, wifi. Karibu kifungoni."

"Amekonda."

"Kilo mbili. Nesi alitaka tatu."

Dilshada alitoa mfukoni pakiti ndogo ya chumvi ya bei ghali, yenye picha ya moyo. "Hii haina madhara. Ni ya wagonjwa. Unatia utakavyo."

Tahmina aliisoma nyuma, hakuelewa nusu yake, akaiweka kabatini karibu na sufuria ya bluu mpaka aulize.

Siku ya kurudi zahanati mvua ilinyesha na theluji kidogo ndani yake. Mokhta alivaa joho lake zito, kijungu cha makaa ya kujipasha joto kikiwa tumboni chini ya joho, akatembea polepole akishika ukuta. Tahmina alibeba pakiti mbili tupu zenye tarehe, kikombe cha mtindi, na ile chumvi ya Dilshada. Alikuwa na furaha ambayo hakuionyesha. Alijua alichofanya.

Nighat alimkalisha Mokhta, akakitoa kijungu, akasubiri dakika tano, akapima. Akasubiri, akapima tena.

"Mia moja sitini na sita kwa tisini na nane."

Tahmina alikishika kikombe cha mtindi kwa mikono miwili.

"Imeshuka," alisema Nighat, "lakini kwa dawa hii na wiki sita nilitegemea zaidi. Dawa anameza?"

"Mbele yangu, kila asubuhi," Tahmina alisema. "Nahesabu vidonge."

"Na hii?" Nighat aliinua chumvi yenye moyo.

"Wifi yangu aliileta. Sikuitumia."

"Umefanya vizuri. Hii imejaa potasiamu. Dawa ya mama huzuia potasiamu isitoke mwilini, na damu yake hatujaipima kujua figo zikoje. Mwambie wifi yako aulize kwanza, hata kama ni ya kula yeye mwenyewe." Akazisogeza zile pakiti mbili. "Ya kwanza siku kumi na tano. Ya pili ishirini na nne. Jikoni unatia kiasi gani?"

"Vijiko viwili kwa siku. Vya chai. Navipima." Tahmina alionyesha kikombe cha mtindi, na sauti yake ilianza kupanda. "Viwili, kwa watu wote. Sijazidisha hata siku moja."

"Nakuamini. Siku ishirini na nne, vijiko viwili, gramu tano kila kijiko." Nighat aliandika kwenye kiganja chake kama mwanafunzi anayeibia mtihani. "Mia mbili na arobaini. Hii pakiti ilikuwa na elfu moja. Robo imekwenda sufuriani. Robo tatu ziko wapi?"

Tahmina alimfikiria Mudasir, kwamba anajitilia kwa siri. Akafikiria panya. Yote hayo yalimpita kichwani kabla hajageuka, na alipogeuka Mokhta alikuwa anatazama tena dirisha.

"Mama," alisema Nighat, "chai mnaipikaje?"

"Chai?" Mokhta alisema, kama mtu aliyeulizwa habari za sala zake. "Chai si chakula."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na halikuwa kosa la mtu mmoja. Mji mzima hufikiri hivyo. Mtu akiambiwa apunguze chumvi katika chakula hupunguza katika chakula, kisha hukaa na kunywa chai ili ajiliwaze. Tahmina mwenyewe, aliyepima kwa kisu, alikuwa amekunywa chai ile mara tatu kwa siku, wiki sita, chumvi ikimpita kooni, na hakuihesabu. Ilikuwa ya samovari. Haikuwa ya jikoni.

"Unatia kiasi gani?" Nighat aliuliza.

Mokhta alikunja kiganja, akaonyesha shimo katikati. "Hivi. Kila mara."

Nighat alichukua dawa ya unga iliyokuwa mezani, akamwagia kiganjani mwa Mokhta mpaka shimo likajaa, kisha akaupima kwa kijiko cha chai akiurudisha chomboni. Vijiko viwili na kidogo. Mara tatu kwa siku.

"Vikombe vingapi unakunywa wewe mwenyewe?"

"Viwili viwili. Asubuhi vitatu."

"Saba. Na wageni?"

"Kimoja kimoja, ni majirani."

"Basi wewe peke yako unakunywa karibu vijiko viwili vya chumvi kila siku kabla hujagusa wali wa mkweo. Na magadi?"

"Magadi si chumvi," Mokhta alisema haraka. Hapo alikuwa na hakika.

"Magadi yana sodiamu ileile iliyo kwenye chumvi. Moyo wako haujui jina la kopo ilikotoka." Nighat alifunga kifaa chake. "Sikukatazi chai, mama. Majani hayana kosa, maziwa hayana kosa. Rudi baada ya mwezi. Daktari atataka kukuongezea dawa ya pili, na mimi nitamwomba asubiri mwezi huo mmoja. Mmoja tu, sisubiri zaidi. Dada yako naye nilimpima mimi."

Walirudi kwa miguu. Darajani Mokhta alisimama kupumzika, maji ya Jhelum yakipita chini yakiwa na rangi ya matope, akasema bila kugeuka: "Achari nimeacha. Samaki nimeacha. Hata ile haakh yako isiyo na magadi nimeila. Chai siachi."

"Sikwambii uache, mama."

"Unataka samovari yangu."

"Siitaki."

"Kila mkwe huitaka. Mimi pia niliitaka ya mama mkwe wangu. Nilingoja miaka kumi na tisa."

"Mimi nimengoja kumi na moja," Tahmina alisema, "na nitangoja. Nataka ukae nayo. Nikiipata mapema nitakuwa nimeipata kwa njia ya Fazi kule Noushera."

Mokhta alikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia ndani ya mkono wa joho. Kisha akaendelea kutembea.

Saa kumi jioni samovari ilikuwa inanguruma kama kawaida. Majirani hawakuja kwa sababu ya mvua. Mudasir alirudi mapema kutoka karakanani, mikono yake myeusi kwa masizi, akasimuliwa habari ya robo tatu, na akacheka mpaka akakohoa.

"Nilijua," alisema. "Mwaka huu nimelipaka bati tumbo la samovari hii mara mbili. Za watu wengine napaka mara moja. Chumvi yako, mama, inakula bati. Mshipa wa damu utafanya nini?"

"Wewe paka bati lako, nyamaza," alisema Mokhta.

"Tutie chumvi kikombeni," Tahmina alisema. "Samovari isitiwe. Anayetaka ajitilie kidogo kwa ncha ya kijiko, kama tunavyofanya kwenye sahani."

"Chumvi hutiwa ikichemka. Ukitia kikombeni ni maji ya kusukutulia jino."

"Itakuwa mbaya siku kumi. Haakh ilikuwa mbaya siku kumi."

"Haakh ni haakh."

Tahmina hakubishana zaidi. Alimwona Mokhta ananyoosha mkono kwenye kikopo cha chumvi, kiganja kinakunjwa, na akasema neno ambalo hakuwa amelipanga.

"Basi nimiminie yangu kwanza, mama, kabla hujatia. Mimi nitakunywa bila chumvi. Na ya wasichana pia."

Mkono ulisimama.

"Nikutengee wewe chai yako?"

"Ndiyo, mama."

"Watoto wanywe yao, wewe unywe yako, na mimi na Mudasir yetu?"

"Kama si usumbufu."

"Nyumba hii haijawahi kuwa na vyungu viwili," alisema Mokhta, kwa hasira ya kweli, "na sitaanza leo kupika chai ya huyu na chai ya yule kama muuza chai wa stendi, eti kila mtu na kinywa chake, eti mimi peke yangu ndiyo nimekaa kando na birika langu kama mwenye..."

Hakumaliza. Hakuna aliyemsaidia kumaliza. Msichana mdogo, aliyeicheka sufuria ya bluu wakati ule, aliinua macho kutoka kwenye daftari lake, akatazama juu ya kabati, akarudisha macho chini.

Mokhta alitazama kiganja chake chenye chumvi. Akaitia samovarini. Akamimina, kwanza ya Mudasir, kisha ya wasichana, ya Tahmina, yake mwisho. Wote walikunywa chai ileile, ya waridi na ya chumvi, na hakuna aliyesema kwamba ilikuwa tamu. Baada ya magharibi alitoa chai tena, vilevile, kiganja kimejaa. Tahmina aliosha vikombe akihesabu kichwani: siku thelathini, mara tatu. Alijua kwamba akiigusa ile samovari atakuwa amemponya mtu na kumfukuza mahali pake kwa mkono mmoja, na hakujua kama alikuwa na haki ya kufanya lolote kati ya hayo mawili. Alikwenda kulala bila kujua.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Tahmina alikwenda kona kwa mwoka mikate, akasubiri zamu yake, akachukua mikate mitano badala ya kumi, akarudi akiwa ameifunga kwenye shali ili isipoe. Alipofungua mlango wa jikoni alijua kuna kitu, kwa sababu harufu ilikuwa ya majani matupu.

Samovari ilikuwa mahali pake. Mokhta alikuwa mahali pake, mgongo wima. Kikopo cha chumvi hakikuwa karibu na goti lake kilikokaa miaka yote. Kilikuwa katikati ya kitambaa cha kulia, kimefunikwa, na juu ya kifuniko kimewekwa kijiko kidogo cha dawa, kile kilichokuja na dawa ya kikohozi ya watoto. Kopo la magadi halikuonekana.

Alikuwa amekwisha kujimiminia kikombe. Chai haikuwa ya waridi. Ilikuwa ya kahawia iliyopauka, kama chai ya nyumba nyingine. Alimega mkate, akachovya, akala. Akanywa. Uso wake ulijikunja kama wa mtu aliyemeza dawa ya mganga, ukakaa hivyo kidogo, ukanyooka. Akanywa tena.

Mudasir aliingia akipangusa uso, akaketi, akapokea kikombe chake, akakitazama, na bila kuonja akanyoosha mkono kwenye kikopo.

Mokhta alimpiga vidoleni kwa kile kijiko kidogo.

"Onja kwanza," alisema, akammiminia Tahmina.